Nani Aanze na Karatasi Ipi?

Mwaka 1935 John Ridley Stroop, mtafiti wa Chuo cha Ualimu cha George Peabody mjini Nashville, Marekani, alichapisha majaribio ambayo wanafunzi wa saikolojia wangali wanayarudia mpaka leo. Katika jaribio mojawapo aliwapa wanafunzi 100 karatasi yenye miraba 100 ya rangi, akawataka wataje rangi ya kila mraba kwa sauti, upesi kadiri wawezavyo. Palikuwa pia na karatasi ya maneno 100 yanayotaja rangi, ila kila neno lilipigwa chapa kwa wino usiolingana nalo: neno la nyekundu kwa wino wa kijani, neno la bluu kwa wino wa zambarau. Kazi ilikuwa ileile, yaani kutaja wino na kuliacha neno. Miraba iliwachukua wastani wa sekunde 63.3. Maneno yaliwachukua sekunde 110.3.

Anayejua kusoma vizuri hawezi kuliona neno bila kulisoma. Macho yakitua kwenye "nyekundu" iliyoandikwa kwa wino wa kijani, sauti ya kwanza inayokuja mdomoni ni "nye...", na utamsikia mtu akiikata katikati, akivuta pumzi, ndipo aseme "kijani". Muda unaopotea hapo ndio tunaoupima. Jaribio hili halihitaji maabara wala mashine. Karatasi chache za kuchapa kwa rangi na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde vinatosha, na ndiyo maana nimelichagua kueleza jambo ambalo wanafunzi wengi hulitaja katika ripoti bila kulielewa: kusawazisha mpangilio.

Tatizo lenyewe ni hili. Tunataka kujua tofauti kati ya karatasi rahisi, ile ya miraba, na karatasi ngumu, ile ya maneno yanayopingana na wino wake. Njia bora ni kumpa kila mshiriki karatasi zote mbili, kwa sababu watu hutofautiana sana kwa kasi ya kusema. Mwepesi wa ulimi atakuwa mwepesi kwenye zote mbili, mzito vilevile, na tukitoa muda wa karatasi moja kwenye muda wa nyingine kwa mtu yuleyule, wepesi na uzito wa asili vinajifuta vyenyewe. Lakini mtu hawezi kufanya karatasi mbili kwa wakati mmoja. Moja itatangulia, na inayofuata haimkuti mtu yuleyule aliyeanza.

Amebadilika kwa njia tatu. Kwanza amepata mazoezi. Mwanzoni mshiriki hutafuta jina la kahawia au zambarau kwa nukta kidogo, maana si rangi zinazotajwa kila siku. Akifika karatasi ya pili majina hayo yako mdomoni tayari. Pili, anaweza kuwa amechoka, ingawa kwa kazi ya nusu dakika uchovu si mkubwa. Tatu, karatasi ya kwanza inaweza kumwachia mabaki yake yenyewe, kama vile mbinu aliyoivumbua ya kukodoa jicho asiyasome maneno, na akaendelea nayo hata pale isipohitajika.

Tuweke namba tuone madhara yake. Namba hizi ni za mfano, nimezitunga ziwe rahisi kufuatilia. Tuseme karatasi zetu zina vipengele 30 kila moja. Mtu asiye na mazoezi huimaliza karatasi rahisi kwa sekunde 20 na ngumu kwa sekunde 32, hivyo tofauti ya kweli ni sekunde 12. Tuseme pia mazoezi humpunguzia sekunde 3 kwenye karatasi yoyote anayoifanya ya pili. Mwalimu akiamua wote waanze na rahisi, atapata 20 kwa rahisi na 29 kwa ngumu, yaani tofauti ya 9. Akiamua wote waanze na ngumu, atapata 32 na 17, tofauti ya 15. Watu ni walewale, karatasi ni zilezile, na majibu ni mawili. Wala kuongeza washiriki hakusaidii. Ukiwapima watu 1,000 kwa mpangilio mmoja utapata 9 ileile, tena ukiwa na uhakika zaidi wa jibu lisilo sahihi.

Sasa nusu yao waanze na rahisi na nusu waanze na ngumu. Karatasi rahisi itakuwa na wastani wa 20 na 17, yaani 18.5. Ngumu itakuwa na wastani wa 32 na 29, yaani 30.5. Tofauti ni 12, jibu la kweli. Tazama vizuri kilichotokea: mazoezi hayakuondolewa. Yamo bado, ila yamegawanywa sawa kwa karatasi zote mbili, kila moja imebeba sekunde moja na nusu, na unapotoa moja kwenye nyingine mzigo huo unafutika. Huko ndiko kusawazisha mpangilio, hakuna zaidi ya hapo.

Stroop mwenyewe alilijua hilo. Katika jaribio lake la kwanza, lililolinganisha kusoma majina ya rangi yaliyopigwa chapa kwa wino mweusi na kuyasoma yakiwa kwa wino wa rangi, alikuwa na washiriki 70. Nusu yao walisoma nyeusi, kisha za rangi, kisha za rangi tena, wakamalizia na nyeusi. Nusu nyingine walifuata mpangilio uliogeuzwa. Aliandaa pia matoleo mawili ya kila karatasi. Tofauti aliyoipata katika kusoma ilikuwa sekunde 2.3 tu kwa maneno 100, wino mweusi 41.0 na wino wa rangi 43.3. Tofauti ndogo namna hiyo ingemezwa na mazoezi mara moja kama wote wangeanza upande mmoja.

Kwa jaribio la darasani, tuchukue washiriki 24. Rangi ziwe tano kama za Stroop: nyekundu, bluu, kijani, kahawia na zambarau, kila moja itokee mara sita, na rangi moja isifuatane na nduguye. Kabla ya yote, mwonyeshe mshiriki rangi hizo tano mkubaliane majina. Kahawia wengine huiita hudhurungi, wengine huiita rangi ya udongo, na mtu anayesita kati ya majina mawili atakuharibia vipimo bila kosa lake. Kisha mpe karatasi fupi ya mazoezi yenye miraba kumi isiyohesabiwa. Sehemu kubwa ya faida ya mazoezi hupatikana katika vipengele vya mwanzo, na ni heri itokee hapo kuliko kwenye karatasi unayoipima. Kusawazisha hakukuzuii kupunguza tatizo kwanza kwa njia nyingine.

Upangaji wenyewe wa washiriki ndipo wengi wanapokwama. Kosa la kawaida ni kuwaweka 12 wa kwanza kufika kwenye mpangilio mmoja na 12 wa mwisho kwenye mwingine. Wanaowahi na wanaochelewa si watu wa aina moja, na hata mpimaji amebadilika: asubuhi alikuwa akieleza maagizo kwa utaratibu, saa nane mchana anayakimbiza. Njia rahisi ni bahasha ya kaki. Kata vipande 24 vya karatasi, 12 viandike RN, yaani rahisi kisha ngumu, na 12 viandike NR, vikunje sawasawa, vichanganye. Kila mshiriki akishatoa ridhaa yake na kuthibitisha kwamba hana upofu wa rangi, mpimaji anachomoa kipande kimoja na kukifuata. Mshiriki akijitoa katikati, kipande chake kinarudishwa kwenye bahasha, la sivyo utaishia na 13 kwa 11 na usawa umevunjika.

Wakati wa kupima, mshiriki akikosea anasahihisha palepale na saa inaendelea. Kati ya karatasi na karatasi apumzike dakika moja. Andika muda wa kila karatasi pamoja na nafasi yake, ya kwanza au ya pili. Safu hiyo ya nafasi ndiyo inayosahauliwa zaidi, na bila hiyo huwezi tena kujua kama usawazishaji wako ulifanya kazi.

Maana unaweza usifanye kazi. Hesabu yetu ilifutika vizuri kwa sababu tulidhani mazoezi hupunguza sekunde 3 kwa karatasi yoyote. Sasa fikiria kwamba anayeanza na rahisi huchota majina ya rangi akapunguza sekunde 4 kwenye ngumu, ilhali anayeanza na ngumu hatoki na faida yoyote kwa rahisi, pengine kwa sababu amebaki na tahadhari ya kusubiri mtego. Wa mpangilio wa RN watapata 20 na 28. Wa NR watapata 32 na 20. Wastani wa rahisi ni 20, wa ngumu ni 30, na tofauti ni 10. Jibu la kweli lilikuwa 12. Umesawazisha kwa uangalifu wote na bado umekosa.

Ni kama kuonja chai. Ukianza na yenye sukari nyingi, ya sukari kidogo itakuonekea kama maji. Ukianza na ya sukari kidogo, ile tamu haipotezi utamu wake. Athari inayokwenda upande mmoja hailingani na inayorudi, na kugawa watu nusu kwa nusu hakuilinganishi. Mtafiti Mwingereza E. C. Poulton aliliandikia onyo hili kwa miaka mingi, kuanzia miaka ya 1960, na kwa maoni yangu ndilo onyo linalopuuzwa kuliko yote katika ripoti za wanafunzi. Wengi huandika "mpangilio ulisawazishwa" kana kwamba mlango umefungwa na ufunguo umetupwa.

Namna ya kulitambua ni kuichukua kila karatasi peke yake na kulinganisha muda wake ilipokuwa ya kwanza na ilipokuwa ya pili. Katika mfano wetu wa kwanza, rahisi ilishuka kutoka 20 hadi 17, na ngumu kutoka 32 hadi 29. Zote zimeshuka 3, mambo ni salama. Katika mfano wa pili rahisi haikushuka kabisa, na ngumu ilishuka 4. Hapo pana shaka. Kimbilio ni kutazama karatasi za kwanza tu, ambazo hazijachafuliwa na chochote: waliofanya rahisi kwanza dhidi ya waliofanya ngumu kwanza, 20 na 32, tofauti 12. Gharama yake ni kwamba sasa unalinganisha watu tofauti, 12 kwa 12, na ile faida ya kumlinganisha mtu na nafsi yake imepotea. Kwa watu wachache hivyo namba huyumba sana, kwa hiyo usidai zaidi ya inavyoruhusu.

Karatasi zikiongezeka, mipangilio huongezeka kwa kasi. Ukiweka ya tatu, ya maneno yanayolingana na wino wake, mipangilio yote inayowezekana ni sita, na washiriki 24 wanagawanyika wanne kwa kila mmoja. Kwa karatasi nne mipangilio ni 24, na hapo hutumika minne iliyochaguliwa kwa makini. Ukiziita A, B, C na D, mipangilio ni ABDC, BCAD, CDBA na DACB. Ikague mwenyewe: kila karatasi imekaa mara moja katika kila nafasi, na kila moja imefuatwa na kila nyenzake mara moja tu. Ukitumia ABCD, BCDA, CDAB na DABC, nafasi zitalingana, lakini B itakuwa karibu kila mara nyuma ya A, na mabaki ya A yataonekana kana kwamba ni tabia ya B.

Sasa ripoti. Mtindo unaofuatwa na vyuo vingi ni ule wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambao mwongozo wake wa kwanza ulitoka mwaka 1929 ukiwa makala ya kurasa saba tu. Una ikhtisari, utangulizi, mbinu, matokeo na majadiliano. Sitazipitia zote kwa usawa, kwa sababu uzito wa kazi hii uko kwenye mbinu.

Utangulizi uanze na swali na umalizie na nadharia tete moja iliyo wazi: kutaja wino wa maneno yanayopingana nao kutachukua muda mrefu kuliko kutaja rangi za miraba. Usiingize mpangilio humo kana kwamba ndio unaouchunguza, ila kama unatarajia mabaki yasiyolingana, hapo ndipo pa kusema kwa nini.

Sehemu ya mbinu hugawanywa katika washiriki, vifaa, muundo na utaratibu. Kipimo changu kwa sehemu hii ni kimoja: mtu asiyekujua, wa chuo kingine, aweze kulirudia jaribio bila kukupigia simu. Sentensi kama "tulisawazisha mpangilio ili kuzuia athari" haimpi kitu. Aya ya muundo isomeke hivi: "Kila mshiriki alifanya karatasi zote mbili. Kigeu huru kilikuwa aina ya karatasi, ya miraba au ya maneno yanayopingana na wino. Kigeu tegemezi kilikuwa muda wa kumaliza vipengele 30, kwa sekunde. Washiriki 12 walianza na miraba na 12 walianza na maneno. Mpangilio wa kila mmoja ulipatikana kwa kura, na mpimaji hakuujua kabla ya mshiriki kukubali kushiriki." Ni sentensi tano, na hakuna hata moja ya kupamba.

Kwenye matokeo, anza na wastani na kipimo cha kutawanyika, ndipo jaribio la takwimu. Turudi kwenye mfano wetu wa kwanza: wastani wa 18.5 na 30.5, tofauti 12, na tuseme mkengeuko sanifu wa tofauti hizo ni 4.9. Jaribio la t la vipimo vya jozi linatoa t(23) = 12.00, p < .001. Mtawanyiko huo wa 4.9, hata hivyo, hautokani na watu tu. Wa RN walikuwa na tofauti ya wastani wa 9 na wa NR wa 15, na pengo hilo tumelitia sisi wenyewe kwa kusawazisha. Kusawazisha huondoa upotofu, lakini huacha mtawanyiko ndani ya namba. Ukiuingiza mpangilio kwenye uchambuzi kama kigeu cha pili, mtawanyiko uliobaki unashuka hadi karibu 3.9 na t inapanda hadi karibu 15. Tofauti kubwa kama hii haiuhitaji msaada huo. Tofauti ndogo kama ile ya Stroop ya sekunde 2.3 inaweza kuonekana au kupotea kwa sababu hiyo peke yake.

Kwa hiyo weka jedwali dogo la namba nne: rahisi ikiwa ya kwanza, rahisi ikiwa ya pili, ngumu ikiwa ya kwanza, ngumu ikiwa ya pili. Jedwali hilo halichukui robo ya ukurasa, na linampa msomaji uwezo wa kuhukumu mwenyewe.

Majadiliano ndiyo mahali pa kusema jedwali hilo lina maana gani. Kama karatasi zote zilishuka kwa kiasi kinachokaribiana, sema hivyo na uendelee na hoja ya kusoma na kutaja rangi. Kama moja ilishuka na nyingine haikushuka, sema kwamba kipimo chako cha tofauti kina mashaka, taja kinachotokea ukitumia karatasi za kwanza pekee, na pendekeza jaribio lijalo litumie makundi mawili tofauti au liweke karatasi hizo siku mbalimbali. Kuna majaribio ambayo tangu mwanzo hayapaswi kusawazishwa. Ukipima njia mbili za kukariri orodha ya maneno, aliyekwisha kufundishwa njia nzuri hawezi kuisahau ili akafanye ile mbaya kwa uaminifu. Huko tumia makundi mawili na uongeze watu.

Walimu mnaosahihisha ripoti hizi, kabla ya kuitazama p, tafuteni idadi ya washiriki wa kila mpangilio na zile namba nne za jedwali. Zisipokuwapo, mrudishieni mwanafunzi ripoti yake aziandike kwanza.